Kukaribisha wageni kwa Kifarsi: nani anainuliwa?

Nilipoandika hotuba ya kuukaribisha ujumbe wa Kiirani unaovuka mpaka Busia kuja Tororo, sentensi ya kwanza ya Kiswahili ilikuwa hii: "Mmekuja kutoka mbali, mmevuka mpaka wa Busia, nasi tumekuja kuwapokea."

Kiswahili kimetumia "kuja" mara mbili, kwa mgeni na kwa mwenyeji. Kifarsi cha heshima hakifanyi hivyo. Humwinua mgeni na kumshusha msemaji, na kazi hiyo hufanywa na kitenzi. Mgeni hasemwi "amadid", yaani mmekuja, bali "tashrif avardid", mmeleta heshima. Mwenyeji husema "khedmat residim", tumefika kuwahudumia. Hata kuvuka hubadilika: badala ya "obur kardid" tunasema "obur farmudid".

Basi sentensi ikawa: "Az rah-e dur tashrif avardid, az marz-e Busia obur farmudid, va ma khedmatetan residim."

Kosa kubwa ni kubadilishana vitenzi hivi. Ukisema "ma tashrif avardim", umejipa heshima mwenyewe mbele ya wageni. Kabla ya kusoma hotuba, pigia mstari kila kitenzi na uulize mtendaji ni nani.

Kiongozi wa ujumbe, hata akiwa peke yake, huitwa "shoma", si "to", na kitenzi chake huwa cha wingi. Mwanamume hutangulizwa "jenab-e aqa-ye", mwanamke "sarkar khanom", kisha jina la ukoo.