Cheti Hiki ni cha Nani? Kuhakiki Usajili na Bima ya Mkandarasi wa Nyumba

Anayetaka kujengewa nyumba huonyeshwa kwanza makaratasi: cheti cha usajili, leseni ya biashara, hati ya bima. Mara nyingi makaratasi hayo ni halali kabisa. Kasoro ni kwamba si ya mtu aliyeyashika, au hayahusu kazi yako. Katika somo hili tunaeleza namna ya kugundua kasoro hiyo kabla fedha hazijatoka mkononi.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayejenga Kibaha. Amejiwa na mtu anayejitambulisha kuwa mkandarasi, mwenye nakala ya cheti cha kampuni fulani. Bei ni shilingi milioni 60, na malipo ya awali ni milioni 18.

Hatua ya kwanza ni daftari la usajili. Kwa Tanzania Bara, makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kusajiliwa BRELA kama kampuni, au kuwa na leseni ya halmashauri, hakumfanyi mtu kuwa mkandarasi. Mwalimu anatafuta jina la kampuni katika tovuti ya Bodi, crb.go.tz, au anafika katika ofisi yake. Anaangalia mambo matatu: aina ya kazi, kwa maana mkandarasi wa umeme au wa barabara hakusajiliwa kwa ajili ya majengo, daraja, ambalo kwa majengo huanzia la kwanza, lililo kubwa kuliko yote, hadi la saba, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina ukomo wa thamani ya kazi, na kama usajili ungali hai, kwa kuwa unaweza kusimamishwa au kufutwa ilhali cheti kimebaki ukutani.

Kampuni imeonekana: ni ya majengo, daraja linatosha, usajili u hai. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu wako watu wanaoazima vyeti vya wengine. Hatua ya pili, basi, ni kumfunga mtu na cheti. Mwalimu anapiga simu kwa kampuni kwa namba aliyoipata katika daftari au ofisini kwa Bodi, si ile iliyoandikwa kwenye makadirio ya bei. Anauliza kama mtu huyo ameidhinishwa kutia saini kwa niaba yao, na anaomba idhini hiyo kwa maandishi. Anatazama pia akaunti ya benki aliyopewa, na kukuta ina jina la mtu binafsi. Hilo peke yake linatosha kusimamisha malipo. Fedha ikiingia katika akaunti hiyo, kampuni iliyosajiliwa itasema haikupokea kitu wala haikuingia mkataba wowote, na mwalimu atabaki akimdai mtu asiyesajiliwa.

Hatua ya tatu ni bima, nayo iko ya namna mbili zisizopaswa kuchanganywa. Bima ya ujenzi ya mkandarasi hufidia madhara yanayotokea wakati kazi inaendelea, kama vile moto, mafuriko, au ukuta kumwangukia jirani. Kwa kawaida hailipi gharama ya kurudia kazi iliyofanywa vibaya. Bima ya dhima ya kitaaluma ni ya msanifu na mhandisi. Hufidia hasara inayotokana na makosa ya michoro au ushauri wao. Bima hii ya pili huwa na sharti la kuwa hai siku dai linapowasilishwa, hata kama kosa lilitendeka zamani. Kwa hiyo tunashauri mkataba wa msanifu umtake aihuishe kwa miaka kadhaa baada ya nyumba kukabidhiwa.

Katika hati ya bima, soma jina la aliyekatiwa bima, mahali pa kazi, tarehe za kuanza na kuisha, kiasi cha juu cha fidia, na mambo yasiyofidiwa. Hati aliyoonyeshwa mwalimu ilitaja eneo la ujenzi la Bagamoyo, nayo iliisha mwezi Juni, ilhali kazi yake ilipangwa kuanza Julai. Ni hati ya kweli, lakini kwake haina faida yoyote. Uhalali wa hati huhakikiwa kwa namba yake kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kwa kuiuliza kampuni ya bima yenyewe.

Mambo haya yakikamilika, yaingie katika mkataba: jina la kampuni kama lilivyo daftarini, namba yake ya usajili, akaunti yenye jina hilohilo, na sharti kwamba malipo ya kwanza yatatolewa baada ya bima inayotaja kiwanja chako kuthibitishwa. Mkandarasi wa kweli hukubali sharti hilo. Anayekuhimiza ulipe leo, na makaratasi yafuate kesho, usimlipe.