Jinzi na taiti zinazolegea: tatizo liko kwenye uzi wa mpira ndani yake

Ndugu wengi wanaokuja darasa la Jumamosi huuliza swali moja: jinzi imenunuliwa mpya, rangi bado nzuri, kitambaa hakijatoboka, lakini baada ya miezi michache magoti yamevimba na kiuno kinateremka. Wengine hudhani wamepungua uzito. Mara nyingi si mwili uliobadilika, ni uzi.

Soma lebo iliyoshonwa ndani ya suruali. Jinzi inayovutika huwa na pamba kama asilimia 98 na asilimia 2 ya kitu kinachoitwa elastani. Hapa Marekani huandikwa spandeksi. Ni kitu kilekile. Kilibuniwa mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya Duponti. Taiti za mazoezi huwa na elastani nyingi zaidi, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20, nyingine ikiwa poliesta au nailoni.

Katika jinzi, uzi wa elastani hukaa katikati na pamba huzungushwa juu yake, kama utambi ndani ya mshumaa. Kwa hiyo huuoni. Ukikatika ndani, pamba ya nje hubaki nzima na rangi yake, na ndiyo maana suruali huonekana mpya huku imeshakufa.

Uzi huo una sehemu mbili zinazofuatana katika kila mnyororo wake. Sehemu laini imejikunja, hufunguka unapochuchumaa. Sehemu ngumu hushikana na ngumu za minyororo ya jirani, na hizo ndizo huzuia minyororo isiteleze, hivyo laini ikijikunja tena kitambaa hurudi mahali pake. Joto hulegeza mshikano huo. Mashine ya kukaushia haiyeyushi elastani, haifiki huko. Lakini kila mara joto kali linapokutana na kitambaa kilichovutwa na kupigwapigwa, minyororo michache huteleza na kutulia mahali papya. Hewa nayo huitafuna polepole, na joto huongeza kasi ya kazi hiyo. Mara moja hutaona kitu. Mara hamsini utaona.

Mafuta hufanya kazi kwa njia nyingine. Losheni ya kukinga jua, mafuta ya nazi, mafuta ya mtoto, hata mafuta ya ngozi yenyewe, huingia ndani ya elastani na kuifanya ivimbe na kulainika. Mafuta yanayokaa siku nyingi huchacha, kama yale yaliyosahauliwa kwenye chupa jikoni, na yakichacha huishambulia minyororo yenyewe. Poliesta ya taiti hupenda mafuta na huyang'ang'ania, kwa hiyo maji matupu hayayatoi. Angalia mahali taiti inapoharibika kwanza: kiunoni na mapajani kwa ndani, penye jasho na losheni.

Hatukatazi mtu kujipaka. Jipake, subiri kama dakika 15 ngozi inywe, ndipo uvae. Taiti yenye mafuta ifuliwe siku hiyohiyo au kesho yake, igeuzwe nje ndani, kwa sabuni ya kawaida na maji ya baridi au vuguvugu. Acha ile dawa ya kulainisha nguo: inaacha utando unaozuia sabuni kufika kwenye uzi. Jiki pia ikae mbali, klorini huikata elastani.

Wanaofua kwenye londri ya kulipia wanajua mashine zile ni za moto sana, na kubonyeza joto la juu ni kutaka kuwahi basi. Toa jinzi na taiti kabla ya kuingiza taulo kwenye kikaushio, uzipeleke nyumbani mbichi, uzitandaze kwenye kichanja ndani ya chumba. Kama lazima zikaushwe kwa mashine, chagua joto la chini. Alama yake kwenye lebo ni mraba wenye duara na nukta moja.

Ukiwa duka la mitumba, jaribu kabla ya kulipa. Weka vidole viwili kwenye paja la jinzi, sentimita 10 mbali, kwa upana. Vuta hadi 12, uachie, uhesabu hadi thelathini. Ikirudi 10, ichukue. Ikibaki karibu na 11, au kitambaa kikifanya mawimbi, uzi umekwisha. Vinyuzi vyeupe vinavyochomoza kama nywele fupi ni elastani iliyokatika. Usidanganywe na suruali iliyotoka kufuliwa: maji huikaza pamba, hivyo hubana asubuhi na kulegea kabla ya saa sita mchana.

Hakuna sabuni wala fundi anayeweza kuurudisha uzi uliokatika. Fundi anaweza kupunguza kiuno au kutia mpira mpya kwenye mkanda wa taiti, basi. Magoti yatabaki yalivyo.