Mafunzo Manne Niliyopata Nikiandika Majukumu ya Msimamizi wa Ghala

Nimefanya kazi ya utumishi katika kampuni ya kununua mahindi na mtama mkoani Mara. Ofisi iko Musoma, ghala kuu liko Bunda, na vituo vya kununulia vimetapakaa Butiama. Nafasi ya msimamizi wa ghala ilipobaki wazi, niliombwa niandike upya majukumu yake. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Majukumu huandikwa ghalani, si ofisini

Karatasi ya zamani ilisema msimamizi "atasimamia shughuli zote za ghala". Maneno hayo hayampimi mtu. Nilikwenda Bunda, nikakaa mlangoni tangu lori la kwanza lilipoingia. Msimamizi wa muda alichoma magunia kwa bambo, akapima unyevu, akalikataa fungu lililozidi asilimia 13.5 kwa sababu mahindi mabichi huota ukungu yakipangwa. Akasoma mizani, akalinganisha na hati ya kituo, akasaini. Kisha akahakikisha magunia yamepangwa juu ya chaga, mbali na ukuta, na kwamba ya zamani ndiyo yatakayotoka kwanza.

Kutokana na siku hiyo nilipata majukumu matano: kupima na kupokea, kupanga, kutoa mzigo kwa hati, kutunza daftari la ghala, na kuongoza karani wa mizani na wapakiaji. Kila moja lina kitendo kinachoonekana, kwa hiyo linaweza kukaguliwa.

2. La lazima ni lile ambalo likikosekana siku ya kwanza, ghala linasimama

Tangazo la awali lilitaka mwanaume wa miaka 25 hadi 35, mwenye stashahada ya ununuzi na ugavi, uzoefu wa miaka mitano katika nafaka, na anayejua kuendesha foklifti. Ghala letu halina foklifti. Magunia hubebwa begani na wapakiaji, na msimamizi habebi. Sharti la jinsia na umri nililifuta kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa namna hiyo, isipokuwa pale sifa inapotokana na asili ya kazi yenyewe.

Yaliyobaki niliyagawa mafungu mawili. La lazima: kusoma mizani na hati bila kukosea, kuweka hesabu za kuingia na kutoka, na kuongoza watu. Linalopendelewa: stashahada, uzoefu wa nafaka na kompyuta. Kipima unyevu hufundishika ndani ya siku chache. Umakini wa daftari haufundishiki haraka hivyo.

Mgawanyo huo ulimfungulia mlango mama mmoja aliyekuwa mtunza stoo wa shule ya bweni. Kwenye usaili tulimpa hati ya kituo yenye magunia 120 na karatasi ya mizani yenye magunia 118, tukamwuliza angefanya nini. Akasema angehesabu tena dereva akiwepo, aandike 118, dereva asaini upungufu, ndipo apige simu. Hilo ndilo jibu tulilolitafuta. Kwa tangazo la zamani, barua yake isingesomwa.

3. Msimamizi awe na bosi mmoja wa kumwamuru

Awali msimamizi alipokea maagizo kutoka kwa mhasibu wa Musoma na kwa ofisa ununuzi wa Butiama. Siku moja ofisa ununuzi alipiga simu lori lipakiwe, likapakiwa, hati ikaahidiwa kesho. Mwisho wa mwezi daftari na magunia havikukubaliana, na kila mmoja alimtazama mwenzake.

Niliandika hivi: "Msimamizi anawajibika kwa meneja wa shughuli, Musoma. Nakala ya taarifa ya kila wiki inakwenda kwa mhasibu. Ofisa ununuzi huomba mzigo kwa maandishi. Haamuru kutolewa kwake." Tangu hapo simu pekee haifungui mlango wa ghala.

4. Anayemkagua msimamizi asiwe chini yake

Nilimwondoa mlinzi wa lango kwenye orodha ya walio chini ya msimamizi. Mlinzi huandika namba ya lori na idadi ya magunia yanayotoka. Akiwa chini ya mtu anayeutoa mzigo, daftari lake halina uzito. Sasa anawajibika moja kwa moja kwa meneja. Hesabu ya mwisho wa mwezi nayo hufanywa na mtu wa ofisi ya mhasibu, msimamizi akiwepo.

Sheria ileile ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Usingoje mgogoro ndipo uyatafute. Kabla hujatangaza nafasi, andika kurasa mbili: ya kwanza kazi na sifa za lazima, ya pili sifa zinazopendelewa, na chini yake jina la cheo kimoja tu atakachowajibika kwacho.