Je, Kimweri na Abushiri Waliishi Zama Moja?

Muhula huu darasa letu lilichora mstari wa miaka juu ya karatasi ndefu ya kubandika ukutani, sentimeta moja kwa kila mwaka. Mimi nilipewa watu wawili wa upande wetu huu: Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa aliyekaa Vuga, na Abushiri bin Salim wa Pangani, aliyeongoza vita vya kuwapinga Wadachi mwaka 1888. Nikawachora wamesimama pamoja vitani. Mwalimu akaniuliza, "Umejuaje kwamba waliwahi kuwa hai pamoja?" Sikuwa na jibu.

Nilianza na miaka ya kufa, maana kifo cha mtu mkubwa huandikwa mara nyingi kuliko kuzaliwa kwake. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Kimweri alikufa mwaka 1862. Basi vita vilipoanza, Kimweri alikuwa kaburini miaka 26. Kilichonipoteza ni jina, kwa kuwa ukoo ule wa Vuga ulikuwa na Kimweri zaidi ya mmoja. Tangu hapo naandika jina kamili.

Hata hivyo swali lilibaki: je, Abushiri alizaliwa kabla Kimweri hajafa? Vitabu havipatani juu ya mwaka wake wa kuzaliwa. Vingine hukisia karibu na 1833, vingine karibu na 1840. Nilikata tamaa, kisha nikaona kwamba sihitaji mwaka wenyewe. Nahitaji mwaka mmoja tu ambao wote wawili walikuwa hai.

Ndipo nikatafuta shahidi. Mwezi wa Februari 1857, Mwingereza Richard Burton alisafiri kutoka Pangani mpaka Vuga, akaonana na Kimweri, naye alikuwa mzee. Kwa hiyo mwaka 1857 Kimweri alikuwa hai bila shaka. Tukishika 1840, kisio la nyuma zaidi, Abushiri alikuwa na miaka 17 hivi. Tukishika 1833, alikuwa na 24. Kwa kisio lolote kati ya hayo jibu ni lile lile: waliishi zama moja, ijapokuwa mmoja alikuwa mzee na mwingine kijana. Lakini kuishi zama moja si kuonana, na sikuona ushahidi kwamba walionana.

Nilifuta picha nikachora mistari miwili. Wa Abushiri unaanza kwa nukta nukta, ili msomaji ajue kwamba hapo ni kisio, halafu unakuwa mzito mpaka 1889. Wa Kimweri unaishia 1862.

Mwenzangu alitaka kumweka Shaaban Robert karibu na Abushiri, kwa kuwa wote ni wa pwani hii. Yeye alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Tukapima kwa rula: kati ya mistari yao pana sentimeta 20 tupu. Hapo hapakuwa na haja ya shahidi.