Ujumbe wa Kuhama: Mambo Manne Yanayoamua Amana Yako

Mpangaji anapotoa notisi ya kuhama, aghalabu hupokea kutoka kwa mwenye nyumba ujumbe wa simu kama huu:

"Habari ya asubuhi. Ukihama tarehe 31, mkabidhi msimamizi funguo zote, mita zisomwe, uiache nyumba ikiwa safi, kisha unitumie anwani yako mpya. Amana itarudishwa baada ya ukaguzi."

Wapangaji wengi huusoma ujumbe wa namna hii kama maagizo ya kawaida, wakajibu "Sawa" na kuendelea kufunga mizigo. Sisi tunamshauri mpangaji ausome kama orodha ya makato. Kila jambo lililotajwa humo laweza kupunguza amana, na kila moja lina ushahidi wake ambao hupatikana siku ya kuhama tu. Katika somo hili tutafuata mfano wa mpangaji mmoja wa nyumba ya chumba kimoja cha kulala jijini Nairobi, ambaye aliweka amana ya shilingi 18,000.

Funguo

Kurudisha funguo ndiko kunakoonyesha kwamba umeiachilia nyumba. Maadamu funguo zingali mikononi mwako, mwenye nyumba aweza kudai kwamba ungali unaikalia, na akahesabu kodi ya siku zilizozidi. Kwa hiyo usiziache chini ya mlango, wala kwa jirani, wala kwa mlinzi wa zamu.

Rejea hati ya makubaliano au kumbukumbu za siku ulipoingia, uhakikishe ulipewa funguo ngapi: za mlango, za geti na za kufuli. Zikabidhi kwa mtu aliyetajwa, kisha uombe maandishi yenye idadi, tarehe na saa. Ujumbe wa simu unatosha. Ufunguo ukiwa umepotea, sema mapema. Mwenye nyumba ana haki ya kulipwa gharama ya kubadilisha kitasa hicho, nawe una haki ya kuonyeshwa risiti.

Mita

Katika nyumba nyingi za kupanga, maji hupimwa kwa mita ndogo ya kila nyumba, na msimamizi huisoma mwishoni mwa mwezi. Juu ya mita hiyo tarakimu nyeusi huonyesha uniti kamili, na kila uniti moja ni lita 1,000. Tarakimu nyekundu huonyesha sehemu ya uniti tu, na hazihesabiwi katika bili. Anayezisoma zote pamoja hupata idadi kubwa kupita kiasi.

Isome mita siku ile ile unayokabidhi funguo, msimamizi akiwapo, na uipige picha inayoonyesha tarakimu pamoja na namba ya mita. Usikubali isomwe baadaye, kwa sababu mafundi wa rangi na wasafishaji watakaoingia baada yako watatumia maji ya mita hiyo hiyo.

Kwa umeme wa tokeni, uniti zilizosalia hubaki ndani ya mita na humfaa mpangaji ajaye. Huwezi kuhama nazo. Katika juma la mwisho nunua kiasi kidogo kidogo, na upige picha ya salio siku ya kuondoka.

Usafi

Hapa ndipo magomvi mengi huzuka, kwa kuwa neno "safi" halina kipimo. Kipimo kinachofaa ni hali ya nyumba siku ulipoingia, ukiondoa uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa jua na sakafu iliyopauka kwa kukanyagwa ni uchakavu. Mafuta yaliyoganda ukutani jikoni, kioo kilichovunjika na mlango wa kabati uliong'oka ni uharibifu au uchafu, na hayo ni juu ya mpangaji.

Kupaka rangi kuna hukumu yake. Hati nyingi za upangaji humtaka mpangaji arudishe nyumba ikiwa imepakwa rangi upya. Ikiwa ulitia sahihi sharti hilo, gharama ni yako hata kama kuta hazina doa. Hapo uliza mapema kama unaweza kuleta fundi wako mwenyewe, au ni lazima kazi ifanywe na fundi wa mwenye nyumba, na kwa bei gani.

Omba ukaguzi wa pamoja baada ya mizigo kutoka na kabla ya funguo kukabidhiwa, ili kasoro ikionekana uwe bado na nafasi ya kuirekebisha. Yaliyoonekana yaandikwe chumba kwa chumba, na nyote wawili mtie sahihi.

Anwani

Mwenye nyumba huomba anwani ili aweze kukupelekea hesabu ya makato, salio la amana na barua zitakazokuja kwa jina lako. Si lazima umweleze mlango wa nyumba unayohamia. Sanduku la posta, namba ya simu inayopokea fedha na barua pepe vinatosha. Asiyeacha anwani yoyote humpa mwenye nyumba sababu ya kusema kwamba hakujua pa kupeleka fedha.

Hesabu ya mpangaji wetu

Majuma mawili baada ya kuhama, mpangaji wetu alitumiwa makato haya: rangi shilingi 6,000, usafi 3,000, maji 2,400 na kitasa 1,500. Jumla ilikuwa 12,900, na salio lake 5,100.

Hakukataa yote. Sharti la rangi lilikuwamo katika hati, kwa hiyo alilikubali. Alikuwa amerudisha funguo mbili kati ya tatu, na risiti ya kitasa ilikuwapo, kwa hiyo alilikubali nalo. Kuhusu usafi, alituma nakala ya karatasi ya ukaguzi iliyotiwa sahihi, ambayo haikutaja uchafu wowote.

Maji ndiyo yaliyohitaji hesabu. Bili ya mwisho iliishia uniti 412. Msimamizi alisoma 432, tofauti ya uniti 20 kwa shilingi 120 kila moja. Picha ya mpangaji, iliyopigwa siku ya kukabidhi funguo, ilionyesha 423. Alidaiwa basi uniti 11, yaani shilingi 1,320. Zile uniti 9 zilizobaki, sawa na mitungi 450 ya lita 20, zilitumika baada ya yeye kuondoka.

Makato ya haki yakawa 6,000, 1,500 na 1,320, jumla shilingi 8,820. Salio lake likawa 9,180, ambalo lilizidi lile la kwanza kwa shilingi 4,080.

Jinsi ya kuujibu ujumbe

Angalia tena sentensi ya mwisho ya ujumbe wa mwenye nyumba. Haikutaja siku ya kurudisha amana. Jibu lako na lizibe pengo hilo:

"Nimepokea ujumbe wako, asante. Naomba tukague nyumba pamoja tarehe 31 saa nne asubuhi, tusome mita, kisha nikabidhi funguo. Salio la amana naomba litumwe kwa namba hii kufikia tarehe 14, pamoja na orodha ya makato na risiti zake."

Tarehe hiyo ikipita bila jibu, andika barua ya madai inayotaja kiasi na siku ya mwisho ya kulipa, na uhifadhi nakala. Ikishindikana, madai ya fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000 yaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako mdai huruhusiwa kujitetea mwenyewe bila wakili. Huko utaulizwa hati ya upangaji, uthibitisho wa kulipa amana, karatasi ya ukaguzi, picha za mita na ujumbe wa kupokelewa kwa funguo.