Zabuni ya Madawati 400: Jinsi Ninavyoijibu

Kazi yangu ni kuandaa zabuni za karakana ya samani hapa Nakuru. Wateja wetu wengi ni serikali za kaunti na bodi za shule. Tuchukue mfano wa zabuni ya madawati 400 ya chuma na mbao, maana bei zake ni rahisi kufuatilia.

Kitabu cha zabuni kikifika, bei naiacha kabisa. Nafungua sehemu ya masharti ya lazima na kuyahamishia kwenye jedwali langu, kila sharti mstari wake: limeandikwa ukurasa gani, linataka hati gani, na hati hiyo nitaiweka ukurasa gani kwenye jibu letu. Hatua hii haina alama. Ni ndiyo au hapana, na hapana moja inatosha kukutoa kabla mtu hajasoma sifa za dawati lako.

Maneno ya sharti nayanakili yalivyo. Wakitaka nakala iliyothibitishwa na wakili, nakala yenye mhuri wa kampuni haitoshi. Cheti cha kodi nakikagua kwenye mtandao wa KRA, nikiangalia kwamba kitakuwa hai siku ya ufunguzi na kwamba jina lililomo ni lile lile lililo kwenye CR12, herufi kwa herufi.

Hati inayoangusha wengi ni dhamana ya zabuni. Tuseme zabuni inafunguliwa 12 Machi, bei inatakiwa kusimama siku 120, na dhamana idumu siku 30 zaidi. Basi dhamana iwe hai hadi 9 Agosti. Ukimwambia karani wa benki "siku 150" tu, naye akaitoa tarehe 5 Machi na kuhesabu kuanzia siku hiyo, itaisha 2 Agosti. Imepungua wiki nzima, na kamati ya tathmini haina ruhusa ya kukuhurumia. Kwa hiyo benki naipelekea tarehe ya mwisho yenyewe, pamoja na fomu iliyomo kwenye kitabu cha zabuni, kwa sababu benki hupenda kutumia maneno yake.

Kurasa nazipa namba mwisho kabisa, kila kitu kikishapangwa, kuanzia 1 hadi wa mwisho, viambatisho na vitenganishi vikiwemo. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu cha 74, inataka kila ukurasa uwe na namba. Ukichomeka karatasi moja baadaye na kuiita 47A, umejitafutia maswali.

Sasa bei. Kifungu cha 82 cha sheria hiyo kinasema kiasi kilichosomwa siku ya ufunguzi ndicho cha mwisho; hakisahihishwi wala kurekebishwa na yeyote. Kanuni za 2020 zikakaza zaidi: kosa la hesabu kwenye bei ya kimoja, idadi au jumla linahesabiwa kuwa kasoro kubwa ya kukutoa. Wengi bado wanaamini kamati itawapigia hesabu upya. Hiyo ilikuwa zamani.

Dawati langu linajengwa hivi. Chuma, mbao na fundi, shilingi 4,700. Usafiri hadi shuleni, 350. Gharama ya dhamana na ya kusubiri malipo, ambayo kwa kaunti huchukua muda wake, 350 nyingine. Jumla 5,400. Faida 1,100, tunafika 6,500. VAT ya asilimia 16 ni 1,040, kwa hiyo bei ya dawati moja ni 7,540, na madawati 400 ni 3,016,000.

Hiyo 3,016,000 ndiyo inayokwenda kwenye fomu ya zabuni, kwa tarakimu na kwa maneno, na ndiyo hiyo hiyo inayoonekana chini ya jedwali la bei. Ukiandika 2,600,000 kwenye fomu ukifikiri VAT itaongezwa baadaye, umepatikana. Ama unatolewa kwa kuwa fomu na jedwali havikubaliani, ama unapewa kazi kwa 2,600,000 kodi ikiwemo. Toa VAT humo, unabaki na takriban 2,241,000, ilhali gharama yako ni 2,160,000. Faida ya 440,000 imebaki elfu themanini na kidogo, na lori likiharibika njiani mara moja, imekwisha.

Punguzo nalo nalimalizia ndani ya bei ya dawati moja. Barua ya pembeni inayosema "tutapunguza asilimia 5" inazaa bei mbili, na mimi sitaki kamati ichague ipi.

Kabla ya kufunga bahasha, nampa mwenzangu ambaye hakushiriki asome fomu kwa sauti huku mimi nikifuata jedwali kwa kalamu na kikokotoo. Kisha natafuta sahihi na mhuri kila panapotakiwa.

Ukishindwa, barua ya matokeo inapaswa kukueleza sababu. Isome siku hiyo hiyo, kwa kuwa una siku 14 tu tangu kuarifiwa za kupeleka malalamiko kwenye bodi ya rufaa za ununuzi, na jedwali lako la masharti, lenye kurasa zake, ndilo wakili atakaloomba kwanza.