Alama Iliyopatikana Mara Nyingi Zaidi

Tuseme mwalimu mmoja wa Nyawera, mjini Bukavu, amewapa watoto wa darasa lake jaribio la kujumlisha sehemu. Hesabu zilikuwa 10, na kila hesabu ilikuwa na alama moja. Watoto walikuwa 20. Alipokwisha kusahihisha madaftari, aliandika alama zao hivi:

8, 3, 9, 3, 8
9, 3, 2, 8, 3
3, 9, 8, 3, 9
8, 4, 3, 9, 8

Kwanza mwalimu alitafuta wastani. Alijumlisha alama zote, akapata 120. Akagawanya kwa hesabu ya watoto: 120 : 20 = 6. Wastani ni 6 juu ya 10. Mwalimu akaona darasa limepita nusu, akataka kuanza somo jipya kesho yake.

Lakini tazameni tena zile alama. Ni mtoto gani aliyepata 6? Hakuna hata mmoja! Wala hakuna aliyepata 5 au 7. Basi wastani huu hauonyeshi hali ya mtoto yeyote. Alama za juu zimechanganywa na alama za chini, na katikati ikatokea namba isiyo ya mtu.

Ndipo mwalimu alipohesabu kwa njia nyingine. Aliandika kila alama mara moja tu, kuanzia ndogo hata kubwa. Kisha alipita katika orodha, akipiga kistari kimoja kwa kila mtoto. Mwisho akahesabu vistari:

Alama 2: mtoto 1
Alama 3: watoto 7
Alama 4: mtoto 1
Alama 8: watoto 6
Alama 9: watoto 5

Akahakikisha: 1 + 7 + 1 + 6 + 5 = 20. Hakuna mtoto aliyesahauliwa.

Alama iliyopatikana mara nyingi kupita nyingine ni 3. Alama ya namna hiyo huitwa modi. Angalieni msikosee: modi si 7. Namba 7 ni hesabu ya watoto. Modi ni alama yenyewe, yaani 3.

Mwalimu akajiuliza, “Mbona watoto saba wamepata 3 ileile?” Akafungua madaftari yao saba, akayaweka pamoja. Wote walikuwa wamefaulu hesabu tatu zilezile, ambazo namba zake za chini zinalingana, kama 1/5 + 2/5. Katika zile saba nyingine, ambazo namba za chini hazilingani, walijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Waliandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Lakini 2/5 ni ndogo kuliko nusu! Ukiwa na nusu ya mkate, ukaongezewa theluthi, mkate wako utapunguaje? Jibu la kweli ni 3/6 + 2/6 = 5/6.

Basi mwalimu hakuanza somo jipya. Aliwafundisha tena watoto wale kusawazisha namba za chini.

Je, wastani haufai? Unafaa. Alama zikikaribiana, kama 5, 6, 6, 6, 7, wastani ni 6 na modi ni 6. Vyote viwili vyasema kweli. Tena wastani huhesabu alama ya kila mtoto, lakini modi huziacha nyingine zote. Modi ya 3 haisemi kwamba watoto wengi wameshindwa, kwa maana watoto 11 kati ya 20 walipata 8 au 9. Kwa hiyo yafaa kutazama vistari vyote, si modi peke yake. Pengine alama mbili hulingana kwa wingi. Hapo modi ni mbili. Na kama kila alama imepatikana mara moja tu, hakuna modi.

Lakini kuna mahali ambapo wastani hauwezekani kabisa. Tuseme mwalimu ameandika daraja za mwandiko kwa maneno: Vizuri Sana watoto 3, Vizuri watoto 9, Kadiri watoto 5, Hafifu watoto 3. Nani awezaye kujumlisha “Vizuri” na “Hafifu”, kisha agawanye kwa 20? Modi yaonekana mara moja: daraja ya Vizuri.

MASWALI

1. Watoto 10 walipata alama hizi: 4, 7, 9, 4, 8, 4, 9, 8, 9, 8. Pigeni vistari. Modi ni ngapi?
2. Tafuteni wastani wa alama hizo. Je, yuko mtoto aliyepata alama hiyo?
3. Mtoto mmoja asema, “Modi ya darasa la Nyawera ni 7.” Amekosea wapi?
4. Kwa nini hatuwezi kupata wastani wa daraja za mwandiko?